Uchambuzi wa kisa: gemu iliyogoma kuingia kwenye laptopu yenye "DirectX 12"

Mazingira

Mwenye laptopu ni kijana wa Temeke anayeendesha kibanda cha gemu. Ana runinga mbili, mashine mbili za kizamani na benchi la mbao ambalo vijana hukaa wakisubiri zamu. Alitaka kuongeza sehemu ya tatu bila kununua mashine mpya, akaenda Kariakoo akachukua laptopu iliyotumika, akili yake ikiwa ni kuichomeka kwenye runinga na kuwapa wateja pedi mbili za USB. Jina lake, duka na modeli kamili ya laptopu nimeviacha nje kwa makusudi.

Laptopu yenyewe ni ya kiofisi, prosesa ya Intel kizazi cha nne, memori GB 8, na picha zake zinatoka kwenye Intel HD Graphics 4400 iliyomo ndani ya prosesa hiyohiyo. Haina kadi ya picha ya pembeni. Kwa gemu za zamani inatosha kabisa. Duka lilimkabidhi ikiwa na Windows 10 ya biti 64, ila ile "nyepesi": Windows iliyopunguzwa na watu wasiojulikana ili iwake haraka na isile bando kwa masasisho. Mafundi wengi mjini wanaipenda kwa sababu mteja akiiona inawaka upesi anafurahi na kulipa.

Alikuwa na gemu mbili kichwani. Ya kwanza ni ya mpira, ya miaka ya 2013, inayotumia DirectX 9 na yenye programu ya biti 32. Ya pili ni ya mapigano, ya karibuni, na kwenye masharti yake imeandikwa DirectX 12. Ya mpira alishaipakua yote kwenye duka la mtandaoni. Ya mapigano alikuwa anasubiri bando la usiku.

Kilichotokea kabla laptopu haijafika mezani

Kisakinishi cha gemu ya mpira kilikuwa kinakwenda vizuri hadi karibu na mwisho. Pale kinapotakiwa kuweka DirectX, dirisha dogo likatokea, na kijana akalipiga picha kwa simu. Picha hiyo ilitusaidia kuliko maelezo yote aliyonipa kwa mdomo. Iliandikwa hivi:

```
A cabinet file necessary for installation cannot be trusted.
Please verify the Cryptographic Services are enabled and
the cabinet file certificate is valid.
```

Akibofya OK, kisakinishi kinarudisha kila kitu nyuma na kufuta kilichokwisha kuwekwa.

Alirudia mara kadhaa, kisha akatafuta njia ya mkato. Rafiki yake alikuwa na gemu hiyohiyo ikiwa imeshawekwa, wakanakili folda nzima kwa flashi. Walipoifungua, Windows ikasema haiwezi kuendelea kwa sababu d3dx9_43.dll haikupatikana. Basi wakaingia mtandaoni kwenye moja ya zile tovuti zinazogawa faili za DLL moja moja, wakapakua yenye jina hilo, wakaitupia C:\Windows\System32. Ujumbe ukabaki uleule, kana kwamba hawajaweka kitu. Baadaye wakapakua nyingine kutoka tovuti tofauti, na hii, nilikuja kugundua mwenyewe, wakaiweka ndani ya folda ya gemu. Ujumbe ukabadilika ukawa 0xc000007b. Hapo wakakata tamaa.

Katikati ya purukushani hiyo, kaka yake alishapakua draiva ya picha kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa modeli sahihi. Ilifika katikati ikasema imeshindwa. Kijana akarudi dukani. Akaambiwa laptopu ni nzima, gemu yake ndiyo mbovu.

Mezani: kusoma mashine kabla ya kugusa kitu

Nilianza na dxdiag, unaiandika kwenye kisanduku cha kutafutia na kubonyeza Enter. Ukurasa wa kwanza uliandika DirectX Version: DirectX 12.

"Si unaona kaka," kijana akasema, "kumi na mbili ipo. Gemu inataka tisa tu."

Kauli hiyo ndiyo inayopoteza watu wengi. Mstari ule wa ukurasa wa kwanza unaeleza Windows imekuja na DirectX ipi. Hauelezi kadi ya picha inaweza nini, na hauelezi kama zile faili za ziada za gemu za zamani zipo. Kila Windows 10 inaandika 12 hapo, hata ukiiweka kwenye kompyuta isiyoweza kucheza gemu yoyote.

Taarifa yenyewe ilikuwa ukurasa wa Display. Kwenye jina la kadi, badala ya Intel HD Graphics 4400, paliandikwa Microsoft Basic Display Adapter, na tarehe ya draiva ilikuwa 6/21/2006. Draiva hii ni ya dharura. Windows huitumia ikikosa draiva ya mtengenezaji, ili angalau kioo kionyeshe kitu. Tarehe ile ya 2006 isikushtue, Microsoft wanaibandika kwenye draiva zao za ndani makusudi ili draiva yoyote ya mtengenezaji ionekane mpya kuliko yao na ipewe nafasi. Lakini ukiiona mbele ya kadi ya picha, jua mashine haina draiva ya picha kabisa. Hali hii ni zaidi ya draiva kuukuu.

Dalili nyingine zilikuwa wazi tangu laptopu inafunguliwa. Vitufe vya kupunguza mwanga wa kioo havikufanya kazi, na maandishi yalikuwa yametanuka kwa sababu ukubwa wa picha ulikuwa umekwama kwenye kipimo kimoja. Kijana alidhani kioo ndicho kimechoka.

Kisha nikafungua Device Manager, nikabofya kadi kwa kitufe cha kulia, Properties, Details, Hardware Ids. Palikuwa na PCI\VEN_8086&DEV_0A16. 8086 ni Intel, na 0A16 ni HD 4400. Kwa hiyo kadi ipo, inaonekana, na haijafa. Hatua hii ni ya dakika moja na inakuondolea wasiwasi kabla hujamwambia mteja anunue mashine nyingine.

Upande wa DirectX nikaandika hivi kwenye Command Prompt:

```
dir C:\Windows\SysWOW64\d3dx9_*.dll
```

Jibu lilikuwa File Not Found. Hakuna hata moja.

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu ndipo penye kiini cha kisa. DirectX yenyewe, ile sehemu inayozungumza na kadi, inakuja na Windows, ikiwemo ya 9 kwa ajili ya gemu za zamani. Lakini watengenezaji wa gemu wa enzi zile walitumia pia mkoba wa vifaa vya ziada unaoitwa D3DX, ambao Microsoft waliutoa kwa matoleo mengi mfululizo, kila toleo na namba yake: kwa DirectX 9 yanaanzia d3dx9_24.dll hadi d3dx9_43.dll. Gemu iliyojengwa kwa 43 inataka 43 tu, 42 haiisaidii. Mkoba huo haukuwahi kuwa sehemu ya Windows, ndiyo maana kila gemu ilibeba kisakinishi chake cha DirectX. Toleo la mwisho ni la Juni 2010. Ndani yake zimo pia faili za sauti na za pedi, mfano XInput1_3.dll, ambazo Windows 10 nayo haiji nazo.

Kwa hiyo tulikuwa na upungufu wa aina mbili usiohusiana moja kwa moja: draiva ya picha haipo, na mkoba wa D3DX haupo. Ukitatua mmoja, gemu bado haifunguki. Lakini kilichonivutia zaidi ni kwamba vyote viwili vilijaribiwa kuwekwa kwa njia halali, na vyote viwili vikakataa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kujua kama kifurushi cha DirectX kimeharibika au mashine ndiyo inayokikataa. Nina directx_Jun2010_redist.exe kwenye flashi, ni kama MB 95, na nilishaitumia kwenye mashine nyingine bila tatizo. Nikaiendesha kwenye laptopu ya kijana.

Nitue kidogo hapa, maana wengi wanakwama. Faili hilo ukilibofya halisakinishi kitu. Linakuuliza tu folda ya kufungulia vilivyomo. Ukichagua eneo la mbele la kioo litakumwagia msitu wa faili za .cab, ndizo kabineti zenyewe, na ukidhani kazi imekwisha utakuwa umeambulia takataka tu. Tengeneza folda, mfano C:\DX, fungulia humo, kisha ingia ndani ubofye DXSETUP.exe. Hiyo ndiyo inayosakinisha.

DXSETUP.exe ikaleta ujumbe uleule wa kabineti isiyoaminika. Kifurushi kizima kwa mashine nyingine, kibaya kwa hii. Saa na tarehe ya laptopu nilizitazama, maana laptopu zilizotumika mara nyingi betri ndogo ya saa imekufa na tarehe inarudi nyuma miaka, jambo linalovuruga ukaguzi wa vyeti. Zilikuwa sahihi. Kikabaki kile ambacho ujumbe wenyewe ulikitaja kwa jina tangu siku ya kwanza: Cryptographic Services.

```
sc qc cryptsvc
```

Kwenye mstari wa START_TYPE paliandikwa 4 DISABLED. Huduma imezimwa kabisa, haiwezi hata kuamshwa na programu nyingine.

Huduma hii ndiyo inayoisaidia Windows kuthibitisha sahihi za faili kabla ya kuziruhusu ziingie. Kabineti za DirectX zimesainiwa na Microsoft, na DXSETUP huomba sahihi hiyo ithibitishwe kabla ya kufungua chochote. Pasipo wa kuthibitisha, kabineti inahesabiwa kuwa si ya kuaminika. Draiva nazo huja na katalogi iliyosainiwa inayopitia kwenye huduma hiyohiyo. Aliyeipunguza Windows ile aliizima pengine kwa sababu inafanya kazi kimyakimya nyuma na ilionekana kama mzigo. Akafunga mlango mmoja ambao draiva na DirectX zote hupitia.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi: kufuta kila kitu na kuweka Windows kamili, au kurekebisha hii iliyopo. Kwa moyo wangu ningeweka Windows kamili. Windows iliyochongwa na mtu usiyemjua huwezi kujua kingine alichokitoa, na mara nyingi hata amri za kawaida za kujitengeneza hazifanyi kazi kwa sababu akiba ya faili za asili imeshafutwa ili kupunguza ukubwa. Lakini kijana alikuwa na kibanda kinachomsubiri na faili za gemu alizozilipia bando. Kuwasha huduma moja ni kazi ya dakika moja na haiharibu kitu. Tukakubaliana tujaribu hiyo kwanza, ikishindikana tunafuta.

Nikafungua Command Prompt kwa Run as administrator:

```
sc config cryptsvc start= auto
net start cryptsvc
```

Ile nafasi baada ya alama ya usawa iwepo, ukiibana amri huweza kukataa.

Uamuzi wa tatu ni nini kianze kati ya draiva na D3DX. Kiufundi hakuna anayemsubiri mwenzake. Nilianza na draiva kwa sababu ya bando la kijana: bila draiva huwezi kusoma uwezo halisi wa kadi, na nilitaka kujua hatima ya gemu ya pili kabla hajaipakua usiku ule.

Sikupakua draiva mpya. Kwenye folda ya vilivyopakuliwa ilikuwepo ileile iliyomshinda kaka yake, toleo linaloanza na 20.19.15, nikaibofya hiyohiyo. Safari hii ikaingia yote, kioo kikazima sekunde mbili tatu na kurudi kikiwa na maandishi makali na madogo. Hilo nililitaka kwa makusudi. Kifurushi kilekile kwenye mashine ileile, kilichobadilika ni huduma tu, kwa hiyo chanzo kikawa kimethibitika.

Tukaiwasha upya laptopu, kisha nikaiendesha DXSETUP.exe. Kabla yake nilifuta ile d3dx9_43.dll waliyoitupia System32. DXSETUP ikamaliza bila kulalamika, na amri ya dir ikaleta orodha kuanzia 24 hadi 43, faili ishirini kamili.

Tukafungua gemu. Ikatoka 0xc000007b.

Kijana akashusha pumzi. Mimi nikafungua folda ya gemu na kuipanga kwa tarehe. Faili zote zilikuwa na tarehe ya karibu karibu isipokuwa moja iliyokaa juu peke yake: d3dx9_43.dll ya pili. Hakuwa amenitajia, na nadhani alishaisahau. Ilikuwa ya biti 64, gemu ni ya biti 32, na namba ya ero ile kwa kawaida maana yake ndiyo hiyo, programu ya biti 32 imekutana na DLL ya biti 64 au kinyume chake. Kwa nini Windows iliichukua hiyo mbovu wakati nzuri ipo SysWOW64? Kwa sababu programu ikitafuta DLL huanza kuangalia ndani ya folda yake yenyewe kabla ya folda za Windows. Mbovu iliyo jirani ikaizidi nzuri iliyo mbali. Nikaifuta, gemu ikafunguka.

Matokeo

Gemu ya mpira inacheza vizuri kwenye 1366×768 kwa mipangilio ya kati. Tulifuta ile folda ya flashi na kuiweka upya kwa kisakinishi chake halali, ambacho sasa kilipita pale pa DirectX bila kusimama. Pedi moja ilikuwa inafanya kazi na nyingine haisomi, ila hiyo ilikuwa waya umekatika ndani.

Gemu ya mapigano ilikuwa habari nyingine. Baada ya draiva kuingia nilirudi dxdiag, ukurasa wa Display, mstari wa Feature Levels, yaani viwango vya uwezo wa kadi. Ya juu kabisa ilikuwa 11_1. Mstari huo peke yake haukatai DirectX 12, toleo la draiva ndilo linalokataa: gemu inayotaka DirectX 12 pekee haitawaka hapo. Intel walizima DirectX 12 kwenye kadi za kizazi cha nne kuanzia draiva 15.40.44.5107, ambayo Windows huiandika 20.19.15.5107, kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama, na hawakuirudisha. Gemu nyingi za aina hiyo ukizifungua kwenye mashine kama hii hukwambia:

```
DirectX 12 is not supported on your system.
```

Hapo huhitaji kutafuta DLL wala kurudia DXSETUP, maana hakuna kilichopungua. Kijana aliuliza kama draiva ya zamani kuliko hiyo ingerudisha 12. Ingerudisha. Nilikataa kumwekea, kwanza kwa sababu ya ule udhaifu, na mashine yenyewe inaunganishwa na intaneti ya kibanda ambayo kila mtu anaijua nywila yake. Pili, hata ikiwaka, HD 4400 ingeitembeza gemu ile kama picha za mnato. Bando la usiku akalitunza.

Uchambuzi

Kilichookoa muda ni picha ya simu. Ujumbe wa kwanza kabisa ulitaja kwa jina huduma iliyozimwa, na watu watatu waliupita kwa sababu ulikuwa mrefu na wa Kiingereza. Jumbe zilizofuata, ile ya d3dx9_43.dll kukosekana na ile ya 0xc000007b, zilizaliwa na majaribio ya kukwepa ule wa kwanza. Fundi akianza na ujumbe wa mwisho alionao mteja, atashughulika na 0xc000007b mchana kutwa, aweke vifurushi vya Visual C++ vyote (navyo vikiharibika huweza kuleta namba hiyohiyo), na asifike kwenye chanzo. Siku hizi nikipokea mashine ya gemu swali langu la kwanza ni, "Siku ya kwanza kabisa iliandika nini?"

Kilichoharibu zaidi ni zile DLL za mtandaoni. Tuache hatari ya virusi, ambayo ipo. Hata faili likiwa safi, anayelipakua hajui ni la biti ngapi, na majina ya folda yanamchanganya: kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye faili za biti 64, na SysWOW64 ndiyo ya biti 32. Gemu ya biti 32 ikiomba System32, Windows huipeleka SysWOW64 kimyakimya bila kuiambia. Ndiyo maana DLL ya kwanza haikubadilisha chochote. Ilikuwa imewekwa mahali ambapo gemu haiangalii kabisa. Ya pili ilibaki kama mtego, na ingeendelea kuifanya gemu ionekane mbovu hata baada ya kila kitu kingine kutengenezwa. DXSETUP ingewawekea faili zote, za biti zote mbili, kila moja mahali pake. Na ukiona limekosekana faili moja la D3DX, kwa kawaida yamekosekana yote, kwa hiyo kulileta moja peke yake ni kuahirisha ujumbe unaofuata, ambao hapa ungekuwa wa XInput1_3.dll.

Kutofautisha draiva na D3DX kulifanya kazi, na ningependa mafundi wenzangu wawe wakali hapo. Mteja anasema "DirectX haipo" kwa yote mawili. Ukikuta jina la DLL kwenye ujumbe, d3dx9, d3dx10, d3dx11, XInput1_3 au XAudio2_7, tatizo ni mkoba wa Juni 2010, na kubadilisha draiva hakutasaidia. Ukikuta ujumbe unaotaja Direct3D kushindwa kuanza, au Feature Level, au kadi kutotosheleza, tazama draiva kwanza, na ukurasa wa Display ndio wenye jibu. Kwenye kisa hiki yalikuwepo yote mawili kwa pamoja, hali ambayo si ya kawaida sana. Ilipotokea ndipo nikashuku kwamba nyuma yake kuna kitu kimoja.

Upande wa draiva kuna jambo halikutusumbua safari hii ila linasumbua sana. Laptopu nyingi za kiofisi hukataa draiva iliyopakuliwa moja kwa moja kwa Intel, zinakuandikia kwamba haikuthibitishwa kwa kompyuta hii na uiombe kwa mtengenezaji. Si kosa la mashine. Chukua namba ya modeli chini ya laptopu au kwenye BIOS, nenda tovuti ya mtengenezaji, pakua ya huko. Zile programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja sizitumii kwenye mashine ya mteja. Huleta draiva isiyo ya modeli hiyo, na zinakula bando.

Kilichobaki wazi ni Windows yenyewe. Huduma moja tuliyoikuta imezimwa tuliiwasha. Nyingine sijui zipo ngapi, na sehemu ya masasisho ilikuwa imetolewa kabisa, si kuzimwa tu. Nilimwandikia kijana kwenye karatasi jina la draiva na toleo lake, nikamnakilia kifurushi chake pamoja na folda ya C:\DX kwenye flashi yake, ili siku akiamua kuweka Windows kamili asitumie tena bando kwa vitu hivyo viwili. Tulikubaliana aje Jumatatu, siku ambayo kibanda hakina watu.